Kano la kisigino lililokatika mwaloni: kisa cha mbebaji mizigo wa Kigoma, na pale kisu kinapokuwa hakikwepeki

Kisa hiki ni cha mgonjwa niliyemhudumia mwenyewe katika kitengo cha fiziotherapia hapa Kigoma. Ameridhia kiandikwe. Jina, umri kamili, mwalo anaofanyia kazi na vituo alivyopitia nimeviondoa. Nitamwita Bwana M. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa fiziotherapia, matabibu wa zahanati na wauzaji wa maduka ya dawa, maana kila mmoja wetu alipata nafasi ya kubadilisha mwisho wa kisa hiki.

Mgonjwa na kazi yake

Bwana M. yuko katika miaka ya arobaini, ana kilo 78, havuti sigara wala hana kisukari. Ni mbebaji wa mizigo mwaloni. Anapakia na kupakua makreti ya dagaa, magunia ya unga, mifuko ya saruji ya kilo 50 na mashine za boti. Kutoka ufukweni hadi botini anapita juu ya ubao mmoja mrefu unaobonyea katikati, na hapo ndipo kano lake linapopata shida. Mtu anayepanda ubao wa mteremko akiwa na mzigo begani hukanyaga kwa nusu ya mbele ya wayo, kisigino kikining'inia chini ya vidole. Kano la kisigino huvutwa hadi mwisho wa urefu wake, kisha kwa wakati huohuo hutakiwa kusukuma mwili na mzigo kwenda juu.

Jambo la pili la kujua ni kwamba kazi ya mwaloni haina mwendo mmoja. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika, na wabebaji nao hukaa. Kwa hiyo kila mwezi kano hupewa siku kadhaa za kulala, halafu siku nyingi za kazi nzito mfululizo. Mwaka 2024 ukaongezeka mpumziko mrefu zaidi, pale Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Bwana M. alitumia miezi hiyo kijijini kwao akiuza duka la shemeji yake. Ziwa lilipofunguliwa alirudi, na siku ya kwanza tu akabeba kama alivyokuwa akibeba Mei.

Msuli hurudisha nguvu ndani ya wiki chache. Kano halina haraka hiyo, kwa sababu nyuzi zake hujengwa upya polepole na damu inayolifikia ni kidogo. Mtu aliyekaa miezi 3 hujisikia ana nguvu kwa sababu misuli imeamka, kumbe kano bado liko nyuma.

Alivyofika mara ya kwanza

Alikuja mwishoni mwa Oktoba. Maumivu yalikuwa yameanza kama ugumu wa asubuhi, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani, kisha yanaachia. Baadaye yakawa yanarudi jioni baada ya kazi. Akaniambia, "Dokta, likipata moto halinisumbui. Tabu ni nikikaa nikasimama." Hiyo karibu ndiyo sentensi ninayoisikia kwa kila mwenye kano la kisigino lililochoka.

Nilipompapasa nilikuta uvimbe wa umbo la yai dogo refu ndani ya kano, sentimita 4 hivi juu ya pale linaposhikana na mfupa wa kisigino. Nikilibana kwa vidole viwili pembeni, anaruka. Mahali hapo pana maana kubwa. Eneo la kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino ndilo linalochoka mara nyingi zaidi, na ndilo linaloitikia vizuri mazoezi ya kushusha kisigino chini ya ngazi. Maumivu yangekuwa chini kabisa, pale kano linapoingia mfupani, nisingemshusha chini ya ukingo wa ngazi hata kidogo, kwa sababu kushuka huko hulibana kano dhidi ya mfupa na kuongeza maumivu. Huyo angefanya mazoezi kwenye sakafu bapa.

Nilimwomba achuchumie kwa mguu mmoja, yaani anyanyue kisigino mpaka juu akiwa amesimama kwa mguu huo tu. Mguu mzima aliinua mara 25. Mguu mbovu alifika 11 na maumivu yakamsimamisha. Nikamlaza kifudifudi, nikakamua shavu la mguu, na wayo ukasogea kama inavyotakiwa. Kano lilikuwa limechoka lakini halijakatika.

Programu tuliyompa na sababu zake

Nilichagua programu iliyotokana na kazi ya daktari wa Kiswidi, Håkan Alfredson, aliyoichapisha na wenzake mwaka 1998. Walikuwa wakimbiaji wa kawaida 15 tu, wote wenye maumivu ya muda mrefu katikati ya kano, na wote walirudi kukimbia baada ya wiki 12. Idadi ni ndogo, lakini tangu hapo mazoezi ya namna hii yamejaribiwa kwa watu wengi zaidi na yamebaki kuwa tiba ya kwanza, ingawa si kila mgonjwa hupona nayo.

Zoezi lenyewe ni hili. Simama ukingoni mwa ngazi, nusu ya mbele ya nyayo ikiwa juu ya ngazi, visigino hewani. Panda kwa miguu yote miwili hadi uchuchumie. Hamishia uzito wote kwenye mguu mbovu, kisha shuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya usawa wa ngazi. Kupanda tena, tumia mguu mzima. Mguu mbovu unafanya kazi ya kushuka tu, msuli ukirefuka huku umebeba uzito. Fanya mara 15, pumzika, rudia mpaka seti 3. Halafu fanya seti 3 nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, ili msuli wa ndani wa shavu la mguu nao ushike mzigo. Yote hayo asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Ukihesabu, ni mishuko 180 kwa siku.

Maumivu wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kipimo nilichompa kilikuwa sifuri mpaka kumi. Akifika tano aendelee, akizidi tano apunguze, na kilicho muhimu kuliko namba ni asubuhi inayofuata. Ugumu wa asubuhi ukiwa mbaya kuliko wa jana, mzigo wa jana ulikuwa mkubwa mno. Zoezi likiacha kuuma kabisa, anaongeza uzito. Kwake tuliweka mchanga kwenye begi la mgongoni, kilo 5, kisha 10.

Sikumzuia kufanya kazi. Kano likipumzishwa kabisa hudhoofika zaidi, na mtu wa kibarua ukimwambia akae nyumbani wiki 12 hatarudi kukuona. Tulikubaliana aache ubao na abebe mizigo ya nchi kavu tu, kutoka ufukweni hadi kwenye gari. Mwenzake mmoja alikubali kumpokelea kwenye ubao.

Wiki ya 5 alikuwa anachuchumia mara 18, ugumu wa asubuhi umeshuka hadi hatua tatu au nne, begi lina kilo 10. Nikamwandikia tarehe ya kurudi baada ya wiki 2. Hakurudi.

Siku kano lilipokatika

Yaliyotokea nyuma ya pazia niliyajua baadaye, alipokuja tena. Wiki ya 6 ilikumbana na giza la Desemba, kazi ikawa nyingi na watu wa kupokelea ubao wakapungua. Akarudi kwenye ubao huku akiendelea na mishuko 180. Maumivu yakapanda. Wakati huohuo alianza kuungua wakati wa haja ndogo, akaenda duka la dawa na kupewa siprofloksasini ya miligramu 500, mara 2 kwa siku. Akiwa palepale akataja mguu, akachomwa sindano ya takoni "ya kutuliza". Alikuwa ametunza kichupa. Kilikuwa cha deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na aliirudia siku 2 baadaye.

Mguu ukanyamaza. Akaona amepona, akaacha mazoezi na kubeba mzigo kamili.

Siku ya 6 ya dawa, akipanda ubao na kreti begani, alisikia mlio kama kamba ya nanga inayokatika. Aligeuka kumtafuta aliyempiga na kitu nyuma ya mguu. Hapakuwa na mtu. Aliteleza akaingia majini na kreti. Maelezo hayo mawili, mlio na hisia ya kupigwa kwa nyuma, yakitoka kwa mgonjwa yeyote yanatosha kukufanya uamini kuwa kano limekatika mpaka uthibitishe vinginevyo.

Wiki saba za kuitwa "kuteguka"

Alipelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Wayo ulikuwa umevimba, anachechemea, lakini anatembea. Aliombwa asogeze wayo chini na juu, akaweza. Picha ya eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Akaandikiwa kuteguka, akafungwa bandeji ya mpira na kupewa diklofenaki.

Kosa hili hutokea hata kwenye hospitali zenye vifaa vyote, na lina chanzo kinachoeleweka. Kushusha wayo si kazi ya kano la kisigino peke yake. Ipo misuli mingine ya ndani, ile inayokunja vidole na ile inayopita nyuma ya fundo, ambayo inaweza kuusukuma wayo chini mgonjwa akiwa amelala. Kusogeza wayo hewani hakuhitaji nguvu. Kuinua kilo 78 kwa ncha za vidole ndiyo kazi ambayo misuli hiyo haiwezi. Nayo eksirei huonyesha mfupa, si kano.

Baada ya hapo alikwenda kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa na mzee mmoja wa mtaani kwa wiki 3. Uvimbe ukaisha. Udhaifu ukabaki. Hakuweza kukimbia, wala kupanda kilima cha kwao bila kuuburuza mguu, na kila akishuka ngazi aliona wayo unamtangulia. Mke wake ndiye aliyemwambia, "Baba, rudi kwa yule wa mazoezi, huenda amekusahau lakini wewe usimsahau." Alikuja mwanzoni mwa Februari, wiki 7 baada ya ajali.

Nilichokuta

Nilimlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. Kabla sijamgusa nilikwisha kuona. Wayo mzima ulikuwa umeelekeza vidole chini kidogo, kama unavyofanya wayo wowote uliotulia, kwa sababu kano huuvuta. Ule mwingine ulining'inia wima. Nikamwambia akunje magoti yote mawili nyuzi 90, na tofauti ikawa wazi zaidi, mbovu ukilalia upande wa ugoko.

Kisha nikakamua shavu la mguu. Wayo ulisogea kidogo sana, lakini ulisogea. Hapa ndipo mtu anapoweza kudanganyika. Katika siku za mwanzo baada ya kukatika, kukamua huku hakuleti mwendo wowote na kipimo ni cha kuaminika. Wiki zikipita, kovu hujaza pengo na kupitisha mvuto hafifu, na shimo ulilotarajia kulipapasa kwa kidole nalo hujaa. Kwa hiyo kwa kisa cha zamani nategemea zaidi namna wayo unavyoning'inia, na kuchuchumia kwa mguu mmoja. Bwana M. alichuchumia mara sifuri. Shavu la mguu lilikuwa limepungua mzunguko kwa sentimita 3.

Ultrasaundi ilionyesha pengo la sentimita 4.5 lililojaa kovu, na halikufunga tulipouelekeza wayo chini.

Kwa nini yeye alihitaji upasuaji, na wa siku ya kwanza huenda asingehitaji

Watu wengi hudhani kano likikatika lazima lishonwe. Kwa kano lililokatika leo au jana, hiyo si kweli tena. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya watafiti wa Norwei waliowagawa kwa kura wagonjwa zaidi ya 500 wenye kano lililokatika karibuni. Kundi moja halikupasuliwa, la pili lilishonwa kwa jeraha la wazi, na la tatu kwa tundu dogo. Baada ya mwaka mmoja, uwezo wa kutumia mguu ulikuwa sawa katika makundi yote matatu. Tofauti ilikuwa kwenye madhara. Kano lilikatika tena kwa asilimia 6 hivi ya wasiopasuliwa, na kwa chini ya asilimia 1 ya waliopasuliwa. Kwa upande mwingine, waliopasuliwa walipata zaidi majeraha ya mishipa ya fahamu, hasa waliofanyiwa kwa tundu dogo.

Lakini tiba ya bila kisu ina masharti, na sharti la kwanza ni muda. Ncha mbili za kano lazima zikutane, na hukutana pale wayo unapofungwa vidole vikielekea chini kabisa, mapema, kwa siku za mwanzo. Mgonjwa hufungwa plasta ngumu, ile watu wanaiita hogo, au kiatu maalumu chenye vipande vya kuinua kisigino. Wayo hupandishwa hatua kwa hatua kwa wiki 8 hivi, na anayetumia kiatu huweza kuanza kukanyaga mapema. Ukiufunga wayo wima, umeacha pengo na kano litaungana likiwa refu. Kano refu ni dhaifu kama kamba iliyolegea, hata likipona.

Bwana M. angeletwa ndani ya siku hizo za kwanza, na ultrasaundi ikaonyesha ncha zinakutana wayo ukishushwa, ningemshauri hogo na si kisu, huku nikimweleza hatari ya kukatika tena na dalili za damu kuganda mguuni: shavu la mguu kuvimba na kuuma ndani ya hogo, au kukosa pumzi ghafla. Wiki 7 ziliifunga njia hiyo. Msuli ulikuwa umejikunja kuelekea gotini na kuvuta ncha ya juu, na kovu lililokuwa katikati halina nyuzi zilizopangwa za kubeba uzito. Hakuna hogo linaloweza kurudisha sentimita 4.5.

Mbali na kisa kilichochelewa kama chake, mimi hupeleka kwa daktari bingwa wa mifupa bila kusita mgonjwa ambaye ncha zake hazikutani hata wayo ukishushwa, ambaye kano lilikatwa na kitu chenye makali kama panga au bati, ambaye kano limeng'oka na kipande cha mfupa, na ambaye lilikwisha tibiwa likakatika tena. Kwa wengine ni mazungumzo. Ngozi ya nyuma ya kisigino ni nyembamba na damu yake ni haba, kwa hiyo mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mvutaji sigara au mwenye miguu iliyovimba muda mrefu anaweza kuishia na kidonda kibaya kuliko kano lenyewe.

Upasuaji na baada yake

Alisafiri nje ya mkoa kwa upasuaji, safari iliyochukua wiki 3 kupangwa kwa sababu ya nauli na kitanda. Kwa ganzi ya mgongoni, kovu liliondolewa, na sehemu ya juu ya kano ikakatwa kwa umbo la V na kushonwa kwa umbo la Y ili ishuke. Pengo lilipungua lakini halikufungika vya kutosha. Daktari akachukua kano linalokunja kidole gumba cha mguu, ambalo hupita jirani, akalipitisha kwenye tundu alilotoboa kwenye mfupa wa kisigino. Msuli wa kidole hicho ni wenye nguvu na una damu ya kutosha, na hufanya kazi kwa wakati uleule ambao kano la kisigino hufanya. Gharama yake ni kidole gumba kusukuma ardhi kwa udhaifu kidogo.

Alirudi Kigoma akiwa na hogo, vidole chini. Wiki ya 3 ukingo wa kidonda ulikuwa mweusi, urefu wa sentimita 1. Tulisafisha na kufunga kila baada ya siku 2, hatukuharakisha kuukunja wayo, na wiki ya 6 kidonda kilikuwa kimefunga.

Kiatu maalumu hakikupatikana. Fundi viatu wa sokoni alitukatia vipande vinne vya mpira wa kandambili, kila kimoja unene wa sentimita 1 hivi, tukaviweka chini ya kisigino ndani ya buti ngumu. Kila baada ya wiki 1 hadi 2 tulitoa kimoja. Hiyo ilimruhusu kukanyaga bila kulivuta kano. Mwezi wa 3 alichuchumia kwa miguu miwili. Mwezi wa 5 alianza kushuka polepole kwa mguu mmoja, lakini kwenye sakafu bapa, si ukingoni mwa ngazi, ili kano jipya lisirefuke.

Miezi 9 baada ya upasuaji anachuchumia kwa mguu mmoja mara 6, kisigino kikifika kama theluthi mbili ya urefu wa mguu mwingine. Shavu la mguu bado ni jembamba kwa sentimita 2. Anapanda kilima cha kwao bila kuchechemea. Kubeba kwenye ubao hakurudi.

Yaliyofaa na yaliyoshindikana

Uchunguzi wa kwanza ulikuwa sahihi, na mazoezi yalikuwa yanafanya kazi. Kutoka 11 hadi 18 kwa wiki 5 ni maendeleo ya kweli. Wapo walioniuliza kama mishuko ile ndiyo iliyokata kano. Siamini hivyo. Lilikatika baada ya kuyaacha mazoezi, chini ya mzigo wa ubao. Tena watu wengi wanaokatika kano hawakuwahi kuumwa nalo kabla.

Hata hivyo naamini nilichagua kipimo kisichomfaa. Mishuko 180 kila siku iliandaliwa kwa watu ambao mchana wao ni mwepesi. Bwana M. alikuwa na mchana wa mizigo, na programu yangu ikawa juu ya kazi badala ya kuingia mahali pake. Ipo njia nyingine, ya kupandisha na kushusha polepole kwa uzito mkubwa, mara 3 tu kwa wiki. Watafiti wa Denmaki walioilinganisha na mishuko ya kila siku mwaka 2015 walikuta matokeo yanalingana. Kwa mbebaji, siku hizo 3 zingewekwa wakati wa mbalamwezi na siku za kazi nyepesi, na wakati wa giza tungepunguza. Kalenda yake ilikuwa juu angani, na mimi nilimpangia kwa wiki za ofisini.

Kosa zito zaidi lilikuwa ukimya wangu kuhusu dawa. Sikumuuliza anatumia nini, wala sikumwonya asichomwe sindano asiyoijua. Siprofloksasini na dawa za jamii yake zinaweza kudhoofisha makano, na la kisigino ndilo huathirika zaidi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali zaidi liandikwe kwenye dawa hizo kwa sababu hiyo. Hatari hupanda kwa wenye zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia steroidi kwa wakati mmoja. Siwezi kuthibitisha kwamba dawa ndizo zilizolikata kano la Bwana M., maana mzigo peke yake ungeweza. Lakini kano lililokwisha choka, likapewa vyote viwili ndani ya wiki moja, halafu maumivu yaliyokuwa yakimzuia yakaondolewa, halikuwa na kinga iliyobaki. Kwa ugonjwa wake wa mkojo ziliwezekana dawa nyingine.

Na nilimwacha apotee. Alipokosa miadi nilidhani amepona. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye faili.

Kwa upande wa kituo kilichompokea siku ya ajali, siwezi kudai ultrasaundi mahali isipokuwepo. Vipimo vilivyohitajika ni kitanda na mikono miwili: kumlaza kifudifudi, kulinganisha nyayo, kukamua shavu la mguu. Ni dakika 2. Maneno yake mwenyewe kuhusu mlio na kupigwa kwa nyuma yangetosha kumlaza hivyo.

Sasa kwenye kitengo chetu kila mwenye kano la kisigino huulizwa dawa za mwezi uliopita, huku akiombwa aje na makopo na vichupa. Kadi yake huandikwa maneno matatu kwa wino mwekundu, "kano la kisigino", ili aionyeshe popote atakaponunua dawa. Bwana M. anayo ya kwake. Siku hizi anahesabu makreti mwaloni badala ya kuyabeba, kwa malipo ya chini, na yeye ndiye aliyemleta mbebaji mwenzake mwezi uliopita, mwenye ugumu wa asubuhi wa hatua kumi. Tulimpangia mazoezi yake kuanzia mbalamwezi iliyofuata.